Tarehe ya Hali

Neno ritani liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa kodi, na mpaka leo wengi hawajui kwamba lina mlango mwingine. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisema "nimeshapeleka ritani," anazungumzia fomu aliyoijaza katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato, yenye mauzo yake, gharama zake na kodi anayodaiwa. Akija wakili akamwambia kwamba kampuni yake haijapeleka ritani ya mwaka tangu 2021, mfanyabiashara huyo atashangaa, na ana haki ya kushangaa, maana risiti zake za kodi ziko kabatini mwaka hadi mwaka. Wote wawili wanasema kweli. Ritani anayoisema wakili haiendi kwa watoza kodi. Inakwenda kwa Msajili wa Makampuni, ambaye kwa Tanzania Bara ofisi yake imo ndani ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Msajili haulizi kampuni imepata faida kiasi gani. Anauliza kampuni inaongozwa na nani, ofisi yake iliyosajiliwa iko wapi, na hisa zake ziko mikononi mwa nani.

Wako wanaokwepa mkanganyiko huo kwa kusema marejesho ya mwaka. Neno hilo lina sauti nzuri na limejengwa na mzizi wetu wenyewe, lakini mtaani lina kazi nyingine tayari. Mama aliye katika kikundi cha mikopo anaijua siku ya marejesho kuliko anavyoijua siku ya sikukuu, na ukimtajia marejesho ya kampuni atauliza imekopa wapi. Wengine husema mizania ya mwaka, na hapo kosa linakuwa na gharama. Mizania, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni karatasi ya mali na madeni. Afisa akiiomba kampuni "mizania ya mwaka" ataletewa hesabu zilizokaguliwa, zenye mhuri wa mkaguzi, na humo hatakuta orodha ya wanahisa aliyokuwa akiitafuta. Taarifa ya mwaka nayo imeshachukuliwa na kile kitabu cha picha na salamu za mwenyekiti kinachogawiwa kwenye mkutano mkuu. Kwa hiyo mimi nabaki na ritani, mradi imtaje anayepelekewa: ritani ya mwaka kwa Msajili. Ni ndefu kidogo, lakini haimpotezi mtu.

Jambo hili limezidi kuwa la lazima tangu 2021, Bunge la Tanzania lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria za nchi. Neno litakalokaa katika tafsiri ya Sheria ya Makampuni litasomwa na hakimu wa wilaya, karani wa benki na mjane anayefuatilia hisa za marehemu mumewe. Na katika ritani neno gumu kuliko yote si ritani yenyewe. Ni tarehe.

Sheria ya Makampuni ya Tanzania, Namba 12 ya 2002, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2006, inaitaka kila kampuni katika kifungu chake cha 128 iwe inawasilisha ritani mfululizo, mwaka hadi mwaka. Kila ritani inaeleza kampuni ilivyokuwa katika siku moja maalumu. Kwa kawaida siku hiyo ni kumbukumbu ya kusajiliwa kwake, ile siku ambayo kampuni "ilizaliwa". Lakini ritani iliyopita ikiwa ilitengenezwa kwa siku nyingine, basi mwaka unahesabiwa kuanzia siku hiyo nyingine. Baada ya siku hiyo kufika, kampuni ina siku 28 za kuifikisha ritani kwa Msajili. Kanuni hii imefuata kwa karibu ile ya Uingereza ya 1985, ndiyo maana mtu aliyezoea majalada ya London haoni ugeni mkubwa akifungua ya Dar es Salaam.

Sasa mtazame mtu aliye nje ya kampuni. Ni afisa mikopo wa benki, au mnunuzi wa kiwanja kinachouzwa na kampuni, au mwandishi wa habari anayetaka kujua nani yuko nyuma ya mkandarasi wa barabara. Ameomba upekuzi kwa Msajili, amelipia, na sasa ana karatasi yenye majina ya wakurugenzi na wanahisa. Swali lake la kwanza lingepaswa kuwa: haya ni majina ya lini? Karatasi inamjibu kwa tarehe zaidi ya moja, na hapa ndipo lugha inapomsaidia au inapomtupa.

Iko tarehe ya karatasi yenyewe, siku ilipochapwa au kutolewa. Iko tarehe ya kuwasilisha, siku kampuni ilipoipeleka ritani na Msajili akaipokea. Na iko tarehe ya tatu, ile siku ambayo ritani inaisimulia, siku ambayo majina yale yalikuwa ndiyo majina. Hii ya tatu ndiyo pekee inayomwambia msomaji umri wa habari alizonazo, na ndiyo ambayo katika Kiswahili cha ofisini haina jina. Nimekuta ikiitwa "tarehe ya ritani", na msomaji hawezi kujua kama ni siku ritani ilipopelekwa au siku inayoisema. Nimekuta ikiitwa "tarehe ya mwisho", ambayo kwa kila Mswahili ni siku ya kufunga pazia la maombi. Mahali pengine imeachwa bila jina, tarakimu tupu ndani ya kisanduku.

Napendekeza iitwe tarehe ya hali. Hali ni neno tunaloamkiana nalo. Mtu akiuliza "hali?" anaulizia sasa hivi, hali ya leo, na jibu la jana halimtoshi. Ukisema ritani hii ina tarehe ya hali ya 17 Machi 2021, umesema kwamba siku hiyo ndivyo kampuni ilivyojieleza kuwa, na umenyamaza kuhusu siku zote zilizofuata. Ukimya huo ndio ukweli wenyewe.

Waingereza wana maneno yao ya jambo hili, na yamo hadi ndani ya mitambo. Rejista yao ya makampuni iko wazi bure kwa dunia nzima tangu 2015, na programu ya kompyuta inaweza kuiuliza habari za kampuni yoyote. Tangu tarehe 30 Juni 2016 wameiacha ritani ya mwaka na kuweka mahali pake kile ninachokiita tamko la uthibitisho, ambalo muda wake wa kuwasilisha ni siku 14 badala ya 28. Jibu linalorudi lina sehemu kama hii, hapa kwa kampuni ya mfano:

```
"confirmation_statement": {
  "last_made_up_to": "2024-03-05",
  "next_made_up_to": "2025-03-05",
  "next_due": "2025-03-19",
  "overdue": true
}
```

Mstari wa kwanza ni tarehe ya hali. Wa pili ni tarehe ya hali inayotazamiwa mwaka unaofuata, na wa tatu ni siku ya mwisho ya kuiwasilisha, siku 14 baadaye. Wa nne unasema kampuni imechelewa. Tarehe ya kuwasilisha haimo kabisa katika kisehemu hiki. Inapatikana kwingine, katika orodha ya nyaraka zilizopokelewa. Waliotengeneza mfumo huo wamezitenga tarehe hizi kwa majina, na programu haiwezi kuichukua moja ikadhani ni nyingine. Msomaji wa Kiswahili anastahili usahihi huohuo ambao mashine imepewa.

Tarehe ya hali ya London ina undani mwingine ambao wengi hupitiliza. Katika orodha ya nyaraka, tamko huandikwa kwamba limefanywa tarehe fulani ama `with updates` ama `with no updates`, yaani lina mabadiliko au halina. Tamko lisilo na mabadiliko halirudii orodha ya wanahisa. Linasema tu kwamba yaliyoko yanabaki yalivyo. Kwa hiyo ukitaka kuiona orodha yenyewe unarudi nyuma, tamko baada ya tamko, mpaka ulifikie lile lililobeba orodha, ambalo laweza kuwa la miaka 6 iliyopita. Tarehe ya hali bado ni ya karibuni, maana kampuni imethibitisha juzi kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini kuthibitisha kwa alama ya vema kwenye kisanduku ni kazi nyepesi kuliko kuandika upya majina na hisa zake, na mpekuzi mwenye busara huandika tarehe zote mbili: ya orodha, na ya uthibitisho.

Kwa majirani zetu wa Kenya mjadala huu una jina la karatasi: CR12. Hakuna anayefanya biashara na kampuni Nairobi asiyeijua. Ndiyo inayotolewa na Msajili kuonyesha wakurugenzi na wanahisa, siku hizi kwa njia ya eCitizen, na wanaotangaza zabuni hutaka iwe ya karibuni, isiyozidi miezi kadhaa. Sharti hilo lina nia njema, ila linapima tarehe isiyohusika. CR12 iliyotolewa asubuhi hii inasema rejista ilivyo asubuhi hii, na rejista yenyewe inajua tu yale ambayo kampuni imeiambia. Ni sawa na picha ya paspoti iliyosafishwa leo kutoka katika negativu ya miaka 10 iliyopita: karatasi bado ina harufu ya studio, sura ni ya zamani. Kinachotakiwa kudaiwa pamoja na CR12 ni ushahidi wa ritani ya mwisho, na tarehe yake ya hali.

Majalada ya zamani ya Kenya yana mtego wake. Chini ya sheria ya awali, Sura ya 486, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1948, ritani haikufungwa na siku ya kusajiliwa. Ilieleza hali ya siku ya 14 baada ya mkutano mkuu wa mwaka, na ilitakiwa ikamilishwe ndani ya siku 42 baada ya mkutano huo. Kampuni isiyoitisha mkutano haikuwa na siku ya kuhesabia. Anayepekua jalada la miaka ya 1980 au 1990 asishangae kuona tarehe za hali zinarukaruka, mwaka huu Mei, mwaka ule Novemba. Hazikukosewa. Zilikuwa zinaufuata mkutano.

Nije kwenye mfano, nao ni wa kutunga, ila umeshonwa kwa mambo yanayotokea. Kampuni ya vifaa vya ujenzi ilisajiliwa tarehe 17 Machi 2014. Ilikuwa na wanahisa watatu, na wote watatu walikuwa wakurugenzi. Mwezi Juni 2025 inaomba mkopo, na afisa wa benki anapata ripoti ya upekuzi iliyotolewa tarehe 4 Juni 2025. Majina yote matatu ya wanahisa yamo. Wakurugenzi wako wawili. Afisa anaomba pia kuona nyaraka zilizowasilishwa, na anakuta ritani ya mwisho ina tarehe ya hali ya 17 Machi 2021. Tarehe ya kuiwasilisha ni 9 Novemba 2023. Siku hiyohiyo zimewasilishwa na ritani za 2019 na 2020. Kisha, tarehe 12 Januari 2024, kuna taarifa ya mabadiliko ya wakurugenzi, kwamba mmoja alijiuzulu tarehe 2 ya mwezi huo.

Anayeangalia karatasi ya juu atasema habari hizi ni za Juni 2025. Anayeangalia mhuri wa kupokelewa atasema ni za Novemba 2023. Afisa wetu anahesabu kuanzia tarehe ya hali, anapata miaka minne na zaidi ya miezi miwili, na anajua kwamba orodha ya wanahisa aliyonayo ina umri huo. Ritani nne hazipo: za 2022, 2023, 2024 na 2025. Ya 2025 nayo imeshachelewa, kwa sababu siku 28 baada ya 17 Machi ziliisha tarehe 14 Aprili.

Lakini orodha ya wakurugenzi ina umri mwingine. Sheria inaitaka kampuni imwarifu Msajili ndani ya siku 14 mkurugenzi akiingia au akitoka, bila kungoja ritani. Kampuni hii ilifanya hivyo Januari 2024, tena kwa wakati. Hilo linaonyesha kwamba kulikuwa na mtu aliyeangalia jalada siku hizo, na aliyekuwa anajua safu ya uongozi ilivyo. Kwa hiyo kwenye karatasi moja afisa ana majina mawili ya wakurugenzi yenye dalili ya uhai ya 2024, na majina matatu ya wanahisa yaliyokwama 2021. Kosa kubwa katika upekuzi ni kuipa karatasi nzima umri mmoja. Kila fungu la habari lina tarehe yake ya hali, kutegemea kama sheria inalidai papo kwa papo au inalingoja ritani. Uingereza jambo hili liko wazi kabisa: mkurugenzi akibadilika ni siku 14, lakini hisa zilizokwisha kutolewa zikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, umma huziona katika tamko la mwaka. Kwa hiyo hata kwa kampuni isiyochelewa hata siku moja, habari za wanahisa zaweza kuwa na umri wa mwaka mzima na ushei.

Turudi kwenye zile ritani tatu za siku moja. Ritani zikirundikana hivyo, maana yake ni kwamba kampuni ililala, kisha ikaamshwa na haja, mara nyingi zabuni, mkopo au leseni. Mtu mmoja aliketi Novemba 2023 akaandika hali ya Machi 2019, ya Machi 2020 na ya Machi 2021, zote kwa mpigo. Je, alifungua daftari la wanachama la kampuni akalifuata mwaka kwa mwaka, au aliichukua ya kwanza akabadilisha tarehe? Inawezekana kupima. Ritani hizo zilinganishwe neno kwa neno. Anwani zikiwa zilezile, simu zilezile, na kosa dogo la tahajia katika jina la mwanahisa likijirudia mara tatu, ni nakala. Kisha zilinganishwe na nyaraka nyingine za jalada. Ikiwa kampuni iliwasilisha taarifa ya kutoa hisa mpya mwaka 2020 na ritani ya 2021 bado ina idadi ya zamani ya hisa, basi ritani haikumsikiliza hata jirani yake wa jaladani. Hapo tarehe ya hali inabaki kuwa dai la kampuni lisilo na ushahidi nyuma yake.

Lipo swali gumu zaidi, na ndilo ambalo mimi ningelikalia. Mtu huyo, Novemba 2023, aliishia 2021. Ritani za 2022 na 2023 zilikuwa zimeshafika wakati wake. Kwa nini hakumaliza? Jibu la kwanza linalokuja ni fedha. Tuchukue viwango ambavyo BRELA imekuwa ikitoza, ada ya shilingi 22,000 kwa ritani na faini ya 2,500 kwa kila mwezi wa kuchelewa kwa kila waraka. Kwa ritani zile tatu kampuni ililipa kama shilingi 388,500. Mbili zilizobaki, kwa kuwa zilikuwa na miezi michache ya faini, zingeongeza 109,000 tu. Aliyetoa 388,500 akashindwa 109,000 yawezekana yupo, lakini afisa ana sababu ya kuuliza kama kilichomzuia si fedha. Huenda baada ya Machi 2021 hisa zilihama na wenye kampuni hawakukubaliana waandike nini. Huenda mwanahisa mmoja alifariki na mirathi haijaisha. Huenda mkurugenzi aliyejiuzulu Januari 2024 aliuza na hisa zake, au alikataa kuziuza. Mahali ritani zinapokatika huonyesha mahali pa kuanzia kuuliza.

Kuna neno katika mfano huu ambalo limenyamaza, nalo ni hai. Rejista nyingi huandika hadhi ya kampuni, na kampuni yetu itaonekana hai, kwa sababu haijafutwa wala kufilisiwa. Uingereza pia kampuni iliyochelewa kuwasilisha tamko inaendelea kuandikwa `Active`, mpaka Msajili aanze hatua za kuifuta. Uhai huo ni wa kampuni, hauhusiani na uhai wa habari zake. Kiswahili kilikuwa kimeshaliona jambo hili kabla ya wataalamu: tunasema kuhuisha taarifa, yaani kuzipa uhai, na kwa kusema hivyo tumekiri kwamba taarifa hufa ingawa mwenyewe anaishi. BRELA ilipoanzisha mfumo wake wa usajili kwa mtandao mwaka 2018, kampuni zilizosajiliwa enzi za karatasi zilitakiwa kuhuisha taarifa zao humo kabla ya kuendelea na shughuli nyingine. Kwa kampuni kama yetu ya 2014, hilo linazaa tarehe nyingine kwenye jalada, siku habari zilipoingizwa kwenye mfumo. Siku hiyo inatueleza lini mtu alichapa. Haituelezi kama alichochapa kilikuwa cha siku hiyo au kilinakiliwa kutoka katika fomu ya 2014.

Na pasiwe na imani ya kupita kiasi hata kwa ritani iliyo safi. Msajili hupokea anachoambiwa. Haendi ofisini kwa kampuni kuwahesabu wanahisa. Uingereza yenyewe, kwa miaka mingi, ilipokea majina bila kuyahakiki, na sheria iliyopitishwa huko 2023 ndiyo iliyoanza kumpa msajili wao uwezo wa kuhoji na kudai uthibitisho wa utambulisho. Kwa sheria za nchi hizi mtu huwa mwanahisa jina lake linapoandikwa katika daftari la wanachama, na daftari hilo hutunzwa na kampuni. Kilichopo kwa Msajili ni mwangwi wake wa mara moja kwa mwaka. Ritani ya jana ina thamani kubwa kuliko ya 2021 kwa sababu mwangwi wake ni wa karibu, na kwa sababu kampuni inayotimiza wajibu wake kila mwaka huwa na katibu anayelifungua daftari.

Afisa wetu sasa anaandika ripoti yake. Ningependa aiandike kwa Kiswahili, na asiogope urefu wa sentensi: "Kwa mujibu wa ritani ya mwaka yenye tarehe ya hali ya 17 Machi 2021, iliyowasilishwa tarehe 9 Novemba 2023, wanahisa wa kampuni walikuwa watatu. Kwa mujibu wa taarifa ya mabadiliko iliyowasilishwa tarehe 12 Januari 2024, wakurugenzi walibaki wawili. Hakuna ritani iliyowasilishwa kwa hali ya 2022 hadi 2025. Upekuzi ulifanyika tarehe 4 Juni 2025." Kitenzi kiko katika wakati uliopita, walikuwa, walibaki, na hapo ndipo palipo na kazi yote. Ripoti nyingi nilizozipitia husema "wanahisa ni", na kwa silabi moja hiyo benki inajikuta imethibitisha hali ya 2025 ambayo hakuna aliyeisema.

Chini ya sentensi hizo anaweka anachotaka kutoka kwa kampuni kabla faili halijasogea: nakala ya daftari la wanachama lililothibitishwa na katibu kwa tarehe ya wiki hiyo, hati za uhamisho wa hisa zozote zilizofanyika baada ya 17 Machi 2021, barua ya kujiuzulu ya yule mkurugenzi pamoja na maelezo ya hisa zake zilikokwenda, na ritani nne zilizokosekana, kila moja ikiwa na tarehe yake ya hali, zikiwa zimeshapokelewa na Msajili. Zikifika, atazisoma kwa mpangilio wa tarehe ya hali, kuanzia 2022, akitafuta mwaka ambao majina matatu yaliacha kuwa matatu.